Yah: Ombi la Kujengewa Mnara wa Simu Katika Kijiji cha Lulungwe, Wilaya ya Kilolo

KAMATI YA MAWASILIANO
HALMASHAURI YA KIJIJI CHA LULUNGWE
WILAYA YA KILOLO
MKOA WA IRINGA

Kumb. Na. LUL/KM/2025/04
14 Mei, 2025

Meneja wa Kanda,
Vodacom Tanzania,
Kanda ya Nyanda za Juu Kusini,
MBEYA.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUJENGEWA MNARA WA SIMU KATIKA KIJIJI CHA LULUNGWE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkutano Mkuu wa Kijiji uliokaa tarehe 26 Aprili, 2025 uliiteua kamati hii na kuiagiza iwaandikie ninyi moja kwa moja. Lulungwe ina vitongoji vitano na kaya 612 kwa mujibu wa rejista ya kijiji. Tupo milimani, upande wa Udzungwa, mwendo wa saa mbili na nusu kwa pikipiki kutoka Kidabaga njia ikiwa kavu. Hapa hakuna mtandao wa kampuni yoyote unaoshika ndani ya nyumba. Anayetaka kupiga simu hupanda kilima cha Kitelewasi, na hata huko juu lazima usimame upande wa mashariki wa jiwe kubwa. Ukisogea hatua chache, mtandao unakatika.

Tunajua kampuni haijengi mnara kwa kuonea watu huruma, kwa hiyo tuanze na biashara.

Zao letu la fedha ni njegere, na njegere hazisubiri. Zikishachumwa, zinatakiwa ziwe sokoni zikiwa bado mbichi. Wanunuzi hupanda na fuso kutoka Iringa na Dar es Salaam bila sisi kujua bei ya siku hiyo, na hutulipa fedha taslimu kwa sababu hakuna wakala anayeweza kufanya muamala hapa. Mbao na viazi navyo huuzwa hivyohivyo. Fedha nyingi hupita kijijini katika msimu, nazo hukaa chini ya magodoro. Vikundi vya kuweka na kukopa vipo saba, na vyote vinatunza akiba kwenye sanduku la kufuli tatu. Wenye maduka watatu wamekwisha kuiandikia kamati kwamba watafungua uwakala mara mtandao utakapowaka. Barua zao tumeziambatisha.

Hatutawadanganya kwamba kila mtu hapa ana simu janja. Wengi wana kitochi, na wapo wazee wasio na simu kabisa. Lakini watu wanazo laini, tena zimesajiliwa kwa alama za vidole. Laini hizo zinalala mfukoni hadi mwenyewe ashuke Kidabaga.

Tangu msimu wa 2022/2023 mkulima hupata mbolea ya ruzuku kwa kusajiliwa na kupewa namba, na wakala wa pembejeo huihakiki namba hiyo kwa simu kabla ya kumuuzia. Kwa hiyo hakuna wakala wa pembejeo aliyekubali kuweka duka Lulungwe. Mkulima hufuata mifuko miwili Kidabaga, na nauli ya bodaboda inakula sehemu kubwa ya nafuu aliyopewa na Serikali. Ofisi ya kijiji nayo ina mashine ya kukusanyia mapato, ila Mtendaji hulazimika kuipandisha kilimani ili itume hesabu.

Jambo tunaloomba mlisome kwa makini zaidi ni la zahanati. Ninyi mnaufahamu mfumo wa m-mama kuliko sisi, kwa kuwa taasisi yenu ya Vodacom Tanzania Foundation ni mshirika wa Serikali katika kuuendesha. Mjamzito akipata dharura, muuguzi hupiga namba 115 bila malipo, kituo cha uratibu kikatafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliye karibu, na dereva akalipwa kwa simu. Ni mpango mzuri. Hapa Lulungwe tunao madereva wawili wenye magari walio tayari kusajiliwa, na muuguzi ameibandika namba hiyo ukutani. Kinachokosekana ni mtandao wa kuipigia. Usiku, muuguzi humtuma kijana mwenye tochi apande Kitelewasi apige yeye, naye hawezi kujibu anapoulizwa hali ya mgonjwa. Akishuka na swali, anapanda tena na jibu.

Kuhusu eneo, Halmashauri ya Kijiji imetenga ekari moja juu ya Kitelewasi. Ni ardhi ya kijiji, haina mgogoro, haina makaburi, na ipo nje ya mpaka wa hifadhi ya msitu. Muhtasari wa mkutano na ramani ya mkono vimeambatishwa. Sisi si mafundi, lakini tumesikia kwamba minara husafirishiana mawasiliano kwa kuonana. Basi, kutoka kileleni, usiku usio na ukungu, taa nyekundu ya mnara ulio upande wa Kidabaga inaonekana waziwazi. Nguzo za umeme wa REA zimefika shuleni, takriban kilomita moja na nusu kutoka kilima hicho. Wataalamu wenu ndio watakaopima kama panafaa umeme huo au sola.

Barabara ni udhaifu wetu, na heri tuuseme sisi kuliko mkaukute. Kuanzia Desemba hadi Aprili lori halipandi. Kwa hiyo tunaomba upimaji ufanyike kati ya Juni na Septemba. Wananchi wamekubali kuchonga kwa nguvu zao njia ya mita 700 kutoka barabarani hadi kileleni, kubeba mawe na mchanga, na kulinda vifaa wakati wa ujenzi. Walinzi wa kudumu tunaomba watoke hapahapa kijijini.

Hatuombi ardhi hiyo inunuliwe. Tunapendekeza mkataba wa upangaji, kodi iingie kwenye akaunti ya kijiji na isomwe mkutanoni. Kama mnara utamilikiwa na kampuni ya minara na mitandao mingine ikapanga humo, hatuna pingamizi. Sharti letu ni moja: kabla ya ujenzi, aje mtaalamu aeleze mkutanoni habari ya mionzi. Wapo waliouliza, na majibu ya vijiweni hayajawatosheleza.

Tunafahamu kwamba Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, hutoa ruzuku kwa kampuni zinazojenga minara mahali ambapo biashara peke yake haitoshi, na kwamba mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 nchini. Mkiona hesabu za Lulungwe hazisimami zenyewe, tunaomba mtuambie, ili tuombe pamoja tuingizwe kwenye orodha ijayo. Jibu la namna hiyo litatufaa kuliko ukimya.

Kwa mawasiliano, namba ya Mtendaji wa Kijiji ipo kwenye kiambatisho cha mwisho. Tafadhali mpigieni siku ya Jumatano kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, anapokuwa Kidabaga. Siku nyingine tumeni ujumbe mfupi. Utaingia atakapopanda kilimani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Lucas E. Kihwele
MWENYEKITI WA KAMATI

Bi. Oliva T. Kikoti
KATIBU WA KAMATI

Imepitishwa na:
Ofisa Mtendaji wa Kijiji, Lulungwe
(muhuri wa ofisi)

Nakala:
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Kilolo
Mtendaji Mkuu, UCSAF, Dodoma
Mganga Mfawidhi, Zahanati ya Lulungwe