Tafakuri ya mazoezi ya kufundisha: gramu 350

Newala, Darasa la Nne, Hisabati. Wanafunzi 71.

Nimerudi chuoni juzi, ila bado nawaza swali moja la jaribio: kilo 3 na gramu 50 ni gramu ngapi? Wanafunzi 52 waliandika 350. Nilikasirika. Niliona hawakunisikiliza, nikafuta ubao na kufundisha upya yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi. Katika tathmini ya andalio la somo niliandika "wengi hawajaelewa", kana kwamba hayo ni maelezo.

Mwalimu wangu mlezi alinipa daftari moja, akaniambia nirudi nyuma kurasa nne. Wiki iliyotangulia niliwafundisha mimi mwenyewe kwamba meta 3 na sentimita 50 ni sentimita 350. Kumbe watoto walinisikiliza vizuri mno! Piaget anasema mtoto hupokea jambo jipya kwa kuliingiza kwanza kwenye mpangilio wa mawazo alionao. Mpangilio huo haubadiliki mpaka ugonge jambo lisiloingia. Maneno hayo niliyajibu vizuri kwenye mtihani wa saikolojia ya elimu, lakini darasani sikuyatambua.

Kesho yake niliazima mizani na mawe yake dukani. Nikauliza: kama kilo ni gramu 100, jiwe la 100 na jiwe la kilo yatalingana? "Ndiyooo!" Nikayaweka. Upande wa kilo ukazama, puu. Darasa likanyamaza, kisha vicheko. Mvulana wa nyuma, ambaye kwao wana duka, akamnong'oneza jirani yake Kimakonde. Mimi ni wa Tanga, sikuambulia neno. Nilipomwomba aseme kwa wote, alisema: "Mawe kama hilo yanatakiwa kumi." Jirani yake akafuta 350, akaandika 3,050. Maelezo yangu ya dakika arobaini hayakufika pale. Vygotsky ana jina la nafasi hiyo, kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akisaidiwa: ukanda wa ukuaji wa karibu. Nilidhani msaidizi lazima awe mimi, tena kwa Kiswahili sanifu. (Kwa watoto 71, mwalimu mmoja angewafikia lini?)

Niliandika ripoti ya ushindi mapema. Ijumaa nilitoa zoezi la kuchanganya. Meta 2 na sentimita 40? Wengi: 2,040. Elfu sasa ilikuwa imemeza kila kipimo. Nilivunja mpangilio mmoja, nikawaachia mwingine usio na mipaka, kwa sababu mizani ilikaa mezani bila rula ya meta kando yake.

Muda wangu uliisha Jumatatu. Nilimwachia mwalimu mlezi orodha ya waliokosa na rula ya meta niliyochonga kwa mti wa muhogo. Akaichekelea, imepinda kidogo.