Kuh: Kwa nini oda za wiki iliyopita zimeshuka kutoka 4,812 hadi 4,655 kwenye dashibodi

Habari za asubuhi Meneja,

Nimeona ujumbe wako wa jana usiku. Nianze na jibu lenyewe: namba sahihi ni 4,655. Ile 4,812 uliyoisoma Jumatatu asubuhi ilikuwa imezidi, na ilizidi kwa upande wetu, si kwamba wateja wamepungua kati ya Jumatatu na leo. Kwa bahati mbaya maana yake ni kwamba lengo la wiki la oda 4,700 hatukulifikia. Tumepungukiwa oda 45. Najua kwenye kikao cha wakurugenzi ulishasema tumelivuka, ndiyo maana nimeona nikuandikie mapema kabla hujakutana nao tena mchana.

Kilichotokea ni hiki. Dashibodi husasishwa kila usiku, lakini usasishaji wa kawaida huongeza tu safu mpya zilizoingia siku hiyo. Haurudi nyuma kukagua za jana wala juzi. Usiku wa kuamkia leo tulifanya usasishaji kamili, yaani wiki yote ilifutwa ikasomwa upya kutoka kwenye mfumo wa oda. Hapo ndipo mambo matatu yakajitokeza kwa pamoja.

La kwanza ndilo kubwa. Alhamisi mchana seva yetu ya data ilielemewa. Mfumo wa oda ukituma oda kwetu husubiri jibu kwa sekunde 30. Usipolipata, huituma tena. Siku hiyo oda zilikuwa zinafika salama, ila jibu la "nimepokea" lilichelewa kurudi, kwa hiyo mfumo ukatuma mara ya pili, nasi tukazipokea kama oda mpya. Oda 236 ziliandikwa mara mbili, zote kati ya saa saba na saa kumi alasiri. Namba ya oda ni ileile, mteja ni yuleyule, bidhaa ni zilezile. Usasishaji kamili hubakiza rekodi moja kwa kila namba ya oda, hivyo nakala hizo zimeondoka.

La pili linakwenda kinyume: oda 118 zimeongezeka. Hizi ni za mawakala wanaouza bila mtandao, ambao simu zao huhifadhi oda hadi wapate mawimbi. Za Jumamosi zilikuwa 47 na za Jumapili 71, na nyingi ziliingia Jumatatu baada ya wewe kufungua dashibodi. Huhesabiwa kwenye siku oda ilipofanyika, si siku ilipotufikia, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

La tatu ni dogo. Oda 39 zilighairiwa kabla ya kulipiwa, na kughairiwa kwake kuliandikwa Jumatatu na Jumanne. Zimetolewa kwenye siku zake za asili.

Ukizijumlisha: 4,812, toa 236, ongeza 118, toa 39, unapata 4,655. Hakuna oda hata moja iliyobaki bila maelezo. Nimezipitia kwa namba zake, na orodha nzima iko kwenye faili nililoambatisha.

Namba nyingine zilizosogea kwa sababu hiyohiyo: ongezeko dhidi ya wiki ya kabla yake, iliyokuwa na oda 4,540, sasa ni asilimia 2.5 badala ya 6.0. Kiwango cha wanaotembelea tovuti na kuishia kununua kimetoka asilimia 5.0 hadi 4.8, idadi ya waliotembelea, 96,240, ni ileile. Kwa hiyo bado tumekua, ila si kwa kasi tuliyoitangaza.

Mapato hayajaguswa kabisa. Hayo husomwa kutoka kwenye jedwali la malipo, na malipo hayakujirudia: hakuna mteja aliyekatwa pesa mara mbili. Nimelihakiki hili na wenzetu wa uhasibu leo asubuhi, maana ndilo lililonipa wasiwasi kuliko yote. Malipo ya zile oda za mawakala yalikuwa yameshaingia kwa njia yake, na zile 39 hazikuwahi kulipiwa. Matokeo yake wastani wa thamani ya oda moja umepanda kwa asilimia 3.4, kwa kuwa mapato yaleyale sasa yanagawanywa kwa oda chache zaidi.

Na hapa lazima nikiri. Dalili ilikuwepo Jumatatu. Wastani huo ulikuwa umeshuka ghafla Alhamisi, huku oda za siku hiyo zikiwa 931 wakati siku za kawaida huwa hazifiki 700. Niliiona, nikadhani ni ile ofa ya katikati ya wiki imevuta wanunuzi wadogowadogo. Nilipaswa kuuliza kabla ya kukupelekea kiungo. Baada ya marekebisho Alhamisi ina oda 684, siku ya kawaida tu. Nasikitika kidogo kwa wenzetu wa masoko, maana walikuwa wameanza kuipongeza hiyo ofa.

Nimekagua pia wiki nne za kabla yake nikitafuta namba za oda zilizojirudia. Sikukuta hata moja, hivyo ripoti ya mwezi uliopita ibaki ilivyo.

Kuanzia leo mfumo unakataa oda yenye namba ambayo tayari ipo, kwa hiyo kosa la Alhamisi halitapita tena kwa njia ileile. Pia nimeweka neno "AWALI" juu ya namba za wiki inayoisha hadi Jumatano asubuhi, baada ya usasishaji kamili wa Jumanne usiku. Oda za mawakala zitaendelea kuchelewa, hilo siwezi kuliahidi vinginevyo. Simu isiyo na mtandao haina namna. Ndiyo maana naomba uniruhusu tusogeze ripoti ya wakurugenzi kutoka Jumatatu hadi Jumatano. Ikiwa lazima ibaki Jumatatu, basi itoke na neno hilo likionekana wazi.

Kama itakusaidia kwa kikao cha mchana, unaweza kusema hivi:

"Oda za wiki iliyopita ni 4,655, si 4,812 kama nilivyosema Jumatatu. Oda 236 zilihesabiwa mara mbili kutokana na hitilafu ya kiufundi ya Alhamisi, na zimeshaondolewa. Tumepungukiwa oda 45 kufikia lengo. Mapato niliyoyataja ni sahihi na hayabadiliki."

Ile picha ya dashibodi kwenye slaidi yako ya tatu bado ina namba za zamani. Nimetengeneza nyingine, ipo kwenye kiambatisho, ibadilishe tu.

Nipo mezani hadi saa sita, na simu iko wazi kama utataka tupitie pamoja kabla hujaingia kikaoni.

Wako,
Salma
Dawati la Takwimu

Viambatisho: orodha ya oda zilizobadilika, picha mpya ya dashibodi