Sura ya Tatu: Mbinu za Utafiti (Mikopo ya Kidijitali na Mzunguko wa Mzigo kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Masoko ya Dar es Salaam)

3.1 Eneo la utafiti

Utafiti utafanyika katika masoko matatu: Karume (Ilala), Mabibo (Ubungo) na Temeke Stereo (Temeke). Sikuyachagua kwa ukubwa wake. Nilichotazama ni kasi ya mzigo kuisha. Ndizi na nyanya za Mabibo zikikaa siku nne zinaanza kuoza mezani. Mchele na maharage ya Stereo yanaweza kusubiri wiki mbili. Belo la mitumba Karume linaweza kumaliza mwezi, na mabaki yake yakauzwa kwa bei ya kutupa. Mkopo wa simu, kwa upande wake, una siku zake zilizopangwa, haujui kama umenunua nyanya au suruali. Swali la utafiti huu limo katika tofauti hiyo.

3.2 Muundo wa utafiti

Utafiti una sehemu mbili. Ya kwanza ni hojaji kwa sampuli kubwa, itakayofanyika mara moja. Ya pili ni daftari la kila siku litakalojazwa kwa wiki nane na wafanyabiashara 40 watakaochaguliwa kutoka sampuli hiyo. Hojaji peke yake isingetosha. Katika jaribio dogo nililofanya kwa watu 12 kwenye soko moja la Kinondoni ambalo halimo katika utafiti huu, muuza mboga mmoja alinijibu kwamba mkopo wake wa mwisho ulikuwa elfu hamsini na alirudisha "hiyohiyo hamsini". Tulipofungua ujumbe wa simu pamoja, tuliona kwamba kilichoingia kilikuwa 45,000, kwa kuwa ada ilikatwa mwanzoni, na alirudisha 50,000 baada ya siku 14. Hakunidanganya. Yeye anahesabu anachodaiwa, si alichopokea.

3.3 Walengwa

Mfanyabiashara mdogo katika utafiti huu ni yule mwenye mtaji usiozidi shilingi milioni 5 na asiye na zaidi ya watu wanne kazini, kama Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya 2003 inavyoitafsiri biashara ndogo sana. Awe amefanya biashara sokoni hapo kwa miezi sita au zaidi. Wasiokopa nao wamo. Bila wao hakuna wa kulinganisha naye.

3.4 Sampuli

Ofisi za masoko zina daftari la wenye vizimba, lakini jina lililoandikwa mara nyingi ni la mwenye kizimba, wakati anayeuza ni mpangaji. Waliotandaza chini hawamo kabisa. Kwa hiyo kabla ya hojaji nitazunguka na wasaidizi wawili, mstari kwa mstari, na kuhesabu kila meza, kizimba na turubai mara mbili: saa moja asubuhi na saa tisa alasiri. Orodha itakayopatikana ndiyo fremu ya sampuli.

Kwa kuwa idadi kamili haijulikani, ukubwa wa sampuli umekokotolewa kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na kosa la asilimia 5:

```
n = z²p(1 − p) / e²
  = 1.96² × 0.5 × 0.5 / 0.05² = 384.16 ≈ 385
385 / 0.90 = 427.8 ≈ 428
```

Mstari wa mwisho unafidia asilimia 10 ya watakaokataa au kukatisha mahojiano ili kumhudumia mteja. Watu 428 watagawanywa kwa uwiano wa hesabu ya kila soko, ila hakuna soko litakalopata chini ya 100. Ikibidi kuongeza, uzito wa takwimu utarekebisha uchanganuzi. Ndani ya soko kutakuwa na matabaka mawili, wenye vizimba au meza na waliotandaza chini. Kila tabaka litachaguliwa kwa mpangilio, mtu mmoja kila baada ya nafasi k, kuanzia namba ya kubahatisha. Wanaotembeza bidhaa mkononi hawana nafasi ya kuhesabiwa na hawamo. Ni upungufu, na matokeo hayatasemwa kuwa yanawahusu.

3.5 Vigeu

Kigeu tegemezi cha kwanza ni thamani ya mzigo ulionunuliwa katika siku saba zilizopita (MZIGO), kwa shilingi. Sitauliza faida. Sokoni faida hula pamoja na familia, na nauli, karo na mchango wa msiba hutoka kwenye pochi ileile. Cha pili ni CHELEWA: 1 iwapo mkopo wowote wa miezi mitatu iliyopita ulirudishwa baada ya tarehe yake, 0 iwapo sivyo.

Kigeu huru kikuu ni ULINGANIFU, yaani siku za mkopo zikigawanywa kwa siku ambazo mzigo ulionunuliwa kwa mkopo huo huchukua kuisha. Chini ya 1 maana yake deni linaiva kabla bidhaa haijageuka fedha. Vingine ni MARA (idadi ya mikopo katika miezi mitatu), IDADI (wakopeshaji wanaodai kwa wakati mmoja) na GHARAMA, inayopimwa kwa ujumbe wa simu:

```
GHARAMA = (kilichorudishwa − kilichopokelewa)
          / kilichopokelewa × 30 / siku za mkopo × 100
```

Kwa yule muuza mboga jibu ni asilimia 23.8 kwa siku 30.

Aina ya mkopeshaji itaandikwa katika makundi matatu: mkopo wa mtandao wa simu, programu ya simu, na mkopeshaji wa mkononi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hojaji itaandika jina la programu lakini haitamuuliza mtu kama ilikuwa halali. Wala neno "kausha damu" halitatumiwa na msaili, maana ukiuliza hivyo umekwisha kujibiwa. Akilitamka mhojiwa mwenyewe, litaandikwa.

Vigeu dhibiti ni jinsi, umri, elimu, miaka ya biashara, uanachama wa kikoba au upatu, na kama aliwahi kupoteza mzigo kwa moto, jambo lenye uzito Karume baada ya moto wa Januari 2022.

3.6 Ukusanyaji na uchanganuzi

Hojaji itajazwa kwa KoboToolbox kati ya saa nane na saa kumi alasiri, wateja wakiwa wamepungua. Wasaidizi hawatavaa vitambulisho vya kuning'inia wala kubeba mafaili. Mtu wa namna hiyo sokoni hudhaniwa ametoka manispaa au TRA, na mitaji yote hupungua ghafla. Mhojiwa atashika simu yake mwenyewe na kusoma tarehe na kiasi.

```
ln(MZIGO + 1) = b0 + b1·ULINGANIFU + b2·GHARAMA
          + b3·MARA + b4·IDADI + b5·X + SOKO + u
```

Hapa X ni vigeu dhibiti, SOKO ni soko la mhojiwa na u ni kosa; 1 imeongezwa kwa kuwa asiyenunua mzigo wiki hiyo ana sifuri, na sifuri haina logi. Mlinganyo huu utakadiriwa kwa waliokopa. CHELEWA itachanganuliwa kwa rejeshi ya lojiti yenye vigeu hivyohivyo, na wasiokopa watalinganishwa na wakopaji kwa MZIGO na vigeu dhibiti pekee. Sitatumia alfa ya Kronbaki, kwa kuwa maswali mengi ni ya kiasi na tarehe, si ya mtazamo. Uaminifu utapimwa kwa kulinganisha jibu la mdomo na ujumbe wa simu. Anayekopa huenda tayari alikuwa tofauti na asiyekopa, hivyo matokeo yatasomwa kama uhusiano, si chanzo na athari. Madaftari 40 yataonyesha angalau kipi kilitangulia.

3.7 Maadili

Kibali kitaombwa chuoni na kwa uongozi wa kila soko. Taarifa zitatunzwa kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: hakuna jina, namba wala picha ya skrini itakayohifadhiwa. Wapo ambao wenzao wa meza jirani walipigiwa simu na wadai, na aibu hiyo bado haijaisha. Mahojiano yatafanyika pembeni, na mtu akisema basi, msaili atafunga fomu hapohapo bila kuuliza sababu.