Barua ya kuomba kubadilishiwa chaja iliyopata moto na kufa

Rehema Salum,
Mbagala Rangi Tatu,
Wilaya ya Temeke,
Dar es Salaam.

15 Septemba 2025

Meneja,
Duka la Simu na Vifaa vya Simu,
Mtaa wa Aggrey, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA CHAJA ILIYOPATA MOTO KUPITA KIASI NA KUFA NDANI YA SIKU TANO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi ya tarehe 6 Septemba 2025, majira ya saa tano asubuhi, nilinunua dukani kwenu chaja mpya ya simu ya wati 20, yenye tundu la USB-C, pamoja na waya wake, kwa shilingi 35,000, nikapewa risiti ya EFD namba 0417. Chaja hiyo ilipata moto kupita kiasi na kufa kabisa Jumatano usiku, tarehe 10 Septemba, ikiwa ni siku ya tano tu tangu niitoe kwenye boksi. Naandika kuomba mnibadilishie kwa kunipa nyingine iliyo salama. Naeleza pia kwa ukamilifu jinsi ilivyotokea, kwa sababu nilipofika dukani Alhamisi sikupata nafasi ya kusikilizwa mpaka mwisho.

Siku ya kununua nilimwonyesha kijana wenu wa kaunta simu yangu, nikamweleza kwamba chaja ya zamani imekuwa ikichaji polepole na kwamba ninahitaji itakayodumu, kwa kuwa mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu na michango ya wanachama 24 hupita kwenye simu hiyo. Kaunta ilikuwa na chaja za shilingi 8,000 na za 12,000. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishauri niziache hizo, akasema za bei ndogo ndizo zinazounguza simu za watu, akanitolea hii ambayo boksi lake limeandikwa garantii ya miezi sita. Nilimwamini, nikalipa zaidi ya nilivyokuwa nimepanga, na nilifanya hivyo kwa sababu moja tu: usalama.

Tangu Jumapili niliona kwamba kichwa cha chaja kinapata joto. Hilo halikunishtua, maana najua kwamba chaja yoyote inaposhusha umeme wa ukutani wa volti 230 hadi volti chache zinazohitajika na simu, sehemu ya nguvu hiyo hupotea kama joto, na vuguvugu kidogo ni jambo la kawaida. Jumatatu joto liliongezeka. Jumanne jioni nilipotaka kuichomoa nililazimika kuizima kwanza kwenye swichi ya soketi, nikasubiri, kisha nikaishika kwa kitambaa, kwa sababu vidole havikuweza kuvumilia hata kwa kuhesabu moja mpaka tatu. Siku hiyo hiyo simu ilikuwa inaanza kuchaji, inaacha, inaanza tena, kila baada ya dakika chache. Nakiri kwamba hapo ndipo nilipaswa kuacha kuitumia na kuileta kwenu. Nilidhani labda ni kwa sababu chumba kilikuwa na joto na simu ilikuwa ndani ya kava, nikavua kava na kuichaji tena kesho yake.

Jumatano, saa nne na robo usiku, nilikuwa chumbani nikimlaza mwanangu wa miaka mitatu, na chaja ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya ukutani iliyo juu kidogo ya meza ndogo, hatua mbili kutoka kitandani. Nilisikia kwanza harufu, ile ya plastiki inayoanza kuungua, nikafikiri inatoka nje kwa majirani. Kisha nikasikia mlio mfupi kama wa njiti ya kiberiti inayowashwa, na simu ikaacha kuchaji. Nilizima swichi mara moja. Nilipoiangalia chaja kwa mwanga wa tochi niliona plastiki imevimba upande wa juu, mshono wa ganda lake umefunguka kiasi cha kuingiza ukucha, na pembeni ya pini mojawapo kuna doa la kahawia lenye ukubwa wa mbegu ya papai. Nilipoichomoa ilianguka mezani, na kitambaa cha kufuma kilichokuwa pale kikabaki na alama ya kuungua. Usiku huo sikulala. Kila nikifumba macho nilikuwa nawaza: je, ingekuwaje kama ningekuwa nimeiacha ikichaji na mimi nimeshasinzia, kama wanavyofanya watu wengi na kama nilivyokuwa nimefanya mwenyewe usiku wa Jumapili?

Asubuhi yake, kabla ya kuja kwenu, nilijaribu mambo matatu ili nisiwalaumu bure. Nilichaji simu kwa chaja yangu ya zamani kwenye soketi ile ile, ikachaji vizuri, na inaendelea kuchaji hadi leo. Nilichomeka waya wenu mpya kwenye kichwa cha chaja cha jirani yangu, nao ukafanya kazi bila kupata joto, kwa hiyo hitilafu imo ndani ya kichwa chenyewe, wala si kwenye waya. Tatu, nilichomeka kichwa kilichoharibika mara moja, kwa sekunde chache, kwenye soketi ya sebuleni, nacho hakikutoa umeme wowote. Fundi wa simu wa mtaani kwetu aliomba akifungue aone ndani. Nilimkatalia, kwa sababu nilitaka kiwafikie kama kilivyo, asije mtu akasema nimekichokonoa.

Nilifika dukani Alhamisi tarehe 11, saa sita mchana. Wewe hukuwepo. Kijana wa kaunta, ambaye hakuwa yule aliyeniuzia, aliiangalia chaja bila kuishika, akasema maneno mawili: kwamba iliyoiharibu ni umeme wa nyumbani kwangu, na kwamba chini ya risiti imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nilipotaka kumwonyesha boksi lenye maandishi ya garantii, alikuwa tayari anamhudumia mteja mwingine. Simlaumu, duka lilikuwa limejaa, lakini majibu yale mawili siwezi kuyakubali, na naomba unisikilize kwa nini.

Kuhusu umeme, chaja yenyewe imeandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240, maana yake imetengenezwa kuhimili tofauti kubwa kuliko ile tunayoiona majumbani. Usiku huo umeme haukukatika wala kupanda na kushuka. Friji na televisheni vilikuwa vinafanya kazi, taa hazikufifia, na hakuna chombo kingine kilichopata hitilafu. Zaidi ya hayo, joto halikuja ghafla usiku mmoja, lilipanda siku hadi siku kwa muda wa siku nne, jambo linaloonyesha kwamba chaja ilikuwa na kasoro yake yenyewe tangu mwanzo. Sikuitumia kwenye ekstensheni, haikuingia maji, haikuanguka kabla ya siku ile, na simu niliyoichaji ndiyo ile ile niliyomwonyesha muuzaji wenu.

Kuhusu maandishi ya risiti, naelewa kwamba mfanyabiashara hujilinda dhidi ya mteja anayebadili mawazo baada ya kununua, na kwa mteja wa namna hiyo maandishi hayo yana mantiki. Mimi sijabadili mawazo. Ningefurahi kuendelea kuitumia kama ingefanya kazi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, inaeleza kwamba mnunuzi anapomjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na kutegemea ujuzi wa muuzaji huyo katika kuichagua, basi bidhaa hiyo inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Nilieleza kazi, nikaonyesha simu, nikashauriwa na muuzaji wenu. Chaja isiyoweza kuchaji wiki moja bila kuyeyuka ganda haifai kwa kazi ya chaja. Na garantii ya miezi sita iliyochapishwa kwenye boksi ndiyo mliyonitajia wakati wa kuniuzia. Isingekuwa haki itumike kuniuzia kisha isahaulike ninapoihitaji.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mnipe chaja nyingine mpya ya wati 20 au zaidi inayofaa simu yangu, lakini isitoke kwenye mzigo ule ule uliotoka hii. Kama mlizonazo zote ni za mzigo huo, nitapokea ya aina nyingine yenye thamani isiyopungua hiyo. Naomba pia ijaribiwe kaunta mbele yangu kwa nusu saa ikichaji simu yangu, nami niishike kwa mkono kabla ya kuondoka, kisha garantii ianze kuhesabiwa upya kuanzia siku hiyo na iandikwe na kugongwa muhuri kwenye risiti. Siombi fidia ya kitambaa, wala ya nauli, na simu yangu nashukuru Mungu haikudhurika. Siombi kutengenezewa chaja iliyoharibika, kwa kuwa siwezi tena kuichomeka kwenye chumba anacholala mtoto. Endapo hamna chaja ya kunibadilishia, naomba mnirudishie shilingi 35,000 zangu.

Naomba pia, na hili nalisisitiza kuliko pesa, mzikague chaja za mzigo ule zilizobaki dukani kabla ya kuendelea kuziuza. Nilipokuwa hapo Jumamosi niliona watu wawili wakinunua hizo hizo, mmoja wao mama aliyebeba mtoto mgongoni. Iwapo mna namna ya kuwafikia walionunua, kwa mfano kupitia daftari lenu la mauzo ambamo nami niliandikisha jina na namba ya simu, tafadhali wajulisheni wasiziache zikichaji usiku wakiwa wamelala.

Nitafurahi kupata jibu lenu kabla au ifikapo Jumatano, tarehe 24 Septemba 2025, yaani siku saba za kazi kutoka leo. Naweza kufika dukani siku yoyote baada ya saa tisa alasiri, au Jumamosi asubuhi, nikiwa na chaja, waya, boksi na risiti halisi. Nisipopata jibu hadi tarehe hiyo nitapeleka malalamiko yangu Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo hivi hivi, ingawa ningependelea zaidi tulimalize baina yetu, kwa kuwa nimekuwa nikinunua kwenu kwa miaka mitatu na sijawahi kupata tatizo kabla ya hili.

Chaja nimeihifadhi kwenye boksi lake, na sitaikabidhi kwa mtu yeyote isipokuwa wewe au utakayemteua, kwa kuandikiana hati ya mapokezi. Namba yangu ya simu ni ile iliyomo kwenye daftari lenu la tarehe 6 Septemba.

Natanguliza shukrani.

Wako mwaminifu,

Rehema Salum

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD namba 0417, nakala ya upande wa boksi wenye maandishi ya garantii, picha nne za chaja, zikionyesha ganda lililovimba, mshono uliofunguka, doa la pembeni ya pini, na kitambaa kilichoungua.