Bei ya Gari la Kwenda Kasulu

Mazungumzo ninayotaka kuyaandika yalifanyika mwezi Aprili mwaka 2004, nje ya nyumba ya kambi katika shamba moja la mkonge wilayani Korogwe. Wazungumzaji tulikuwa wawili, mimi na baba yangu. Kilichojadiliwa, kwa mtu yeyote ambaye angepita karibu na kusikia, kilikuwa bei ya kukodi gari la kumsafirisha babu, ambaye alikuwa amefariki usiku uliotangulia, hadi Kasulu. Hatukuzungumzia jambo lingine. Hata hivyo, tuliponyanyuka kwenye viti vyetu ukoo wetu ulikuwa umepata kwao, na kwao hapo hapakuwa Kasulu.

Ili jambo hili lieleweke, sharti nieleze kwanza babu alifikaje Korogwe. Alikuwa Mha, na alikuja katika miaka ya hamsini akiwa kijana, kwa mkataba, kama walivyokuja vijana wengi wa Kigoma, wa nyanda za juu kusini, wa Ruanda-Urundi na wa Msumbiji. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kama Silabu, iliyokusanya watu huko mbali na kuwaleta Tanga. Watu hao waliitwa manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na siku ambayo mtu hakumaliza ukataji wake haikuwekwa alama. Mkataba ulikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa tiketi ya kurudi. Babu hakuitumia tiketi yake. Alioa mwanamke wa Kibondei, akamzaa baba na baadaye shangazi, akapandishwa kutoka ukataji hadi kwenye korona, ambako alilisha majani mashineni mpaka mkono wake wa kulia ukapoteza vidole viwili.

Pamoja na yote hayo, kwa miaka hamsini hivi nyumba yetu iliishi kama nyumba ya wageni. Nilipokuwa mtoto hatukupanda mti wowote wa kudumu nyuma ya nyumba, hata mpapai, kwa kuwa baba alisema sisi ni wapita njia. Hatukununua kiwanja Korogwe mjini wakati viwanja vilikuwa bado vinanunulika kwa pesa ya mnada mmoja wa mbuzi. Kila jambo kubwa lilisogezwa mbele hadi “tutakaporudi nyumbani”, na maneno hayo yalitamkwa na baba, ambaye alizaliwa kambini na hakuwahi kukanyaga Kasulu. Shamba lenyewe lilikuwa likinyauka mbele ya macho yetu. Katikati ya miaka ya sitini nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge kwa mwaka; miaka ya tisini ilipokuwa inaisha zilikuwa zimebaki kiasi cha tani 20,000, baada ya kamba za nailoni kuvunja bei na baada ya mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 kukosa matunzo. Hata wakati ule ambapo mabloku mazima yalimezwa na pori na korona ikawa inawashwa kwa msimu, hatukurudi, wala hatukukiri kwamba tumebaki.

Basi babu akafa, na msiba ulilazimisha jibu. Shangazi alifika kutoka Muheza asubuhi na mapema, akatangaza mbele ya wanawake wote jikoni kwamba baba yake atapelekwa kwao, kwa sababu mzee hawezi kuzikwa kwenye ardhi ya kampuni kama mtu asiye na asili. Hakuna aliyempinga. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wangu wa pili kazini, na kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mshahara nilitumwa mjini kuulizia gari. Niliporudi, mchana ukiwa umeanza kupoa, baba alikuwa amekaa peke yake kwenye kigoda ukutani, daftari la rambirambi likiwa magotini.

Aliniuliza, “Wamesemaje, mama?”

Nikamwambia: milioni moja na laki mbili, mafuta ya kurudi yakiwa juu yetu, na dereva hakubali kuondoka kabla ya kupokea nusu. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Dodoma, Singida na Kahama, na masika yalikuwa yamekwisha kuanza; dereva alikuwa amenieleza kwamba kutoka Kibondo kwenda mbele hawezi kuahidi siku ya kufika. Fedha hiyo ilizidi mshahara wangu wa mwaka mzima.

Baba hakuonyesha kushtuka. Nilivyomwona, alionekana kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikitafuta. Alifungua daftari, akaanza kunisomea. Lilikuwa daftari la shule la kurasa 48, lenye mistari mitatu iliyopigwa kwa rula: jina, mahali atokako, kiasi. Hakusoma majina yote, bali safu ile ya pili pamoja na ya tatu, polepole, kidole kikishuka. Mmakonde wa nyumba ya nne, elfu mbili. Mjane wa Kibena, mia tano na debe la mahindi. Mafundi wa karakana, jeneza. Wasambaa wa sokoni, elfu kumi na tano kwa pamoja. Kwaya ya kigango, elfu saba. Mrundi mzee ambaye alikuja na babu kwenye lori moja, elfu moja, na kando yake alama ya vema iliyokolezwa mara mbili. Alipofika mwisho wa ukurasa alisema jumla, ambayo haikufika robo ya bei ya gari, kisha akakaa kimya.

Nilimwuliza swali moja tu. “Kule atalazwa pembeni ya nani, baba?”

Hakulijibu. Alirudisha daftari kwenye ukurasa wa kwanza, akasema, “Fedha haitoshi. Azikwe hapa, karibu na bibi yako. Mwambie shangazi yako kwamba fedha haitoshi.”

Nikasema, “Sawa, baba.”

Hayo ndiyo yaliyosemwa, na sikuacha neno la maana. Yasiyosemwa ni mengi zaidi, na nimekuwa nikiyapanga kichwani kwa muda mrefu, kwa sababu si yote ya aina moja.

Kuna lile ambalo kila mtu mzima nyumbani alilijua na hakuna aliyelitamka mbele ya watoto: babu alikuwa ameacha Kasulu mke na mtoto wa kiume. Barua zilifika kwa miaka kadhaa, zikawekwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na babu, ambaye hakujua kusoma, alisomewa na karani wa shamba, kwa hiyo habari zake zilijulikana kambini kabla bibi hajazisikia. Kuuliza “nani atatupokea kule” kungekuwa kumtaja mtoto huyo, ambaye kwa umri ndiye mkubwa wa baba, na ambaye kwa mila ndiye angesimama mbele ya kaburi. Baba angefika na jeneza kama mdogo wa mtu asiyemjua.

Kuna pia jambo ambalo mimi nililielewa baadaye, nilipokuwa nikifundisha somo la historia. Mwaka 1972 ilifanyika Operesheni Kigoma, na watu wa mkoa ule walihamishwa kutoka maeneo yao ya zamani na kupangwa katika vijiji vya ujamaa. Barua ya mwisho kwenye kopo, ambayo shangazi alinionyesha, ilizungumzia kuhama. Nyumba ambayo babu aliiacha, migomba yake na makaburi ya wazazi wake, vilikuwa vimeachwa na wenyewe zaidi ya miaka thelathini kabla ya sisi kuulizia gari. Naamini baba alilijua hilo. Kwa miaka yote hiyo alizungumza juu ya kurudi mahali ambapo alikuwa na habari kwamba hapako tena, na sioni kwamba alikuwa akidanganya. Mtu anayekaa kwenye nyumba ya mwajiri, ambayo anaweza kuondolewa siku kazi inapokwisha, anahitaji kuwa na mahali pengine anapopataja.

Lakini jambo ambalo hasa linanifanya niyaandike mazungumzo haya ni lile ambalo mimi sikulisema. Fedha ilikuwapo. Si mkononi, lakini chama cha walimu cha kuweka na kukopa kilikuwa na mkopo wa dharura wa msiba, na mwanachama alipewa ndani ya siku moja kwa kudhaminiwa na wenzake wawili. Nilipokuwa mjini nilikuwa nimepita ofisini kwao, nimeuliza, na nimeambiwa kwamba nitapata. Nilirudi kambini nikiwa na nia ya kumweleza baba baada ya kumtajia bei. Alipoanza kusoma daftari nilisita, na alipomaliza nikawa nimekwisha kujua kwamba sitamweleza. Si kwamba nilihofia deni. Nilisikia katika ule usomaji kwamba swali lake halikuwa la fedha, kwamba alihitaji bei kubwa ili iseme badala yake jambo ambalo mtoto wa kiume wa marehemu hawezi kulisema msibani: hatuna mtu kule, na watu wetu ndio hawa waliomo daftarini. Kumpa mkopo kungekuwa kumnyang'anya sababu yake ya pekee.

Na yeye alijua kwamba ninaweza kukopa. Hilo silikisii. Mwaka uliotangulia ni yeye aliyenisisitiza nijiunge na chama hicho, akaniambia kwa maneno yake mwenyewe kwamba mwalimu asiye na chama akipatwa na msiba anaadhirika. Asingeweza kusahau. Aliniacha nichague kunyamaza, nami nikachagua, na tangu siku ile baba ananishirikisha katika mambo yake kama mtu mzima mwenzake, jambo ambalo mshahara wangu peke yake haukuwa umelileta.

Tulimzika kesho yake saa kumi. Kabla ya mwaka kwisha baba alinunua kiwanja ng'ambo ya mto Pangani, akapanda miembe sita kabla hata ya kuchimba msingi, na neno “nyumbani” likahama bila tangazo. Wadogo zangu, ambao wanajenga huko sasa, hawajui kwamba liliwahi kuwa na maana nyingine. Nadhani wana haki ya kujua, hasa kwa sababu huko Kasulu kuna watu wa damu yao ambao huenda bado wanauliza.

Shangazi hakukubali kwa urahisi. Kwa muda mrefu alisema kwamba kaka yake alimnyima baba yao heshima kwa sababu ya ufukara, na baba alimwacha aseme hivyo, kwa kuwa lawama ya ufukara aliiona nyepesi kuliko maelezo. Bibi yangu wa Kibondei, ambaye aliolewa akijua, alikuwa amelala hatua chache kutoka kaburi jipya, na nadhani baba alimfikiria yeye pia. Mwaka jana, tukiwa tunapalilia makaburi hayo, shangazi aliniuliza moja kwa moja kama siku ile ningeweza kuipata ile fedha. Nikamjibu kwamba ningeweza. Akauliza kama baba alilijua hilo. Nikamwambia kwamba alilijua.

“Kumbe mlikubaliana,” akasema, na akaniomba nimwandikie anwani ya ofisi ya kata huko Kasulu, ili barua yake iwe na pa kufikia.