Kioo Chenye Namba: Mitandao ya Kijamii na Kujithamini kwa Vijana Balehe

Mjadala kuhusu mitandao ya kijamii na kujithamini kwa vijana balehe umegawanyika katika kambi mbili, na kila moja ina watafiti wa kuheshimika. Kambi ya kwanza, ambayo sauti yake husikika zaidi kupitia Jean Twenge na Jonathan Haidt, inashikilia kwamba kuenea kwa simu janja tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ndiko kulikoleta sehemu kubwa ya huzuni na wasiwasi unaoonekana kwa vijana wa leo. Kambi ya pili, ambayo mtetezi wake mmoja ni Candice Odgers, inajibu kwamba takwimu zilizopo hazina nguvu ya kubeba dai zito kiasi hicho. Hoja yangu ni kwamba ubishi huu, kwa kuwa umejengwa juu ya wastani wa vijana wote na juu ya saa wanazotumia mtandaoni, unamwacha nje kijana anayeumia na vilevile anayenufaika.

Kwanza ni lazima kukubaliana juu ya kinachopimwa. Kujithamini ni namna mtu anavyoipima thamani ya nafsi yake, na kipimo kinachotumika zaidi ni kile cha Morris Rosenberg cha mwaka 1965, chenye sentensi 10 ambazo mhojiwa hukubali au kukataa, kama vile kuwa anaridhika na nafsi yake au kwamba wakati mwingine hujiona hafai kitu. Kipimo hicho kinakusudia kukamata hali inayodumu. Hata hivyo, kuna kujithamini kunakopanda na kushuka ndani ya siku moja, na mitandao hugusa zaidi hiki cha pili. Tofauti hii inapuuzwa mno. Tafiti nyingi zinazonukuliwa kana kwamba zinahusu kujithamini, kwa kweli zimepima dalili za sonona au kiwango cha kuridhika na maisha, na ingawa mambo haya ni majirani, hayakai nyumba moja. Kijana anaweza kuwa na huzuni kwa sababu ya msiba bila kujidharau hata kidogo.

Mizizi ya nadharia ni ya zamani kuliko mitandao yenyewe. Mwaka 1902 Charles Cooley alieleza kwamba mtu hujijua kupitia kile anachodhani wengine wanakiona kwake, mithili ya anayejitazama kwenye kioo, na mwaka 1954 Leon Festinger akaongeza kwamba pale ambapo hakuna kipimo cha wazi, watu hujipima kwa kujilinganisha na wenzao. Balehe ndicho kipindi ambacho tabia hizi mbili huwa kali zaidi, kwa kuwa mwili unabadilika na nafasi ya kijana miongoni mwa rika lake bado haijatulia. Mitandao haikuleta hamu ya kujilinganisha. Ilicholeta ni namba.

Tumfikirie msichana wa miaka 14 anayeweka picha yake mtandaoni jioni. Amepiga picha nyingi, akachagua moja, akaipitisha kwenye filta, akaifuta, akairudisha. Dakika kumi baadaye ana laiki sita, na 4 kati ya hizo ni za binamu zake, jambo ambalo kwake halihesabiki. Rafiki yake wa karibu ameiona, kwa sababu jina lake limo kwenye orodha ya walioitazama, lakini hajasema lolote. Kabla ya kulala, picha imeondolewa. Hakuna aliyemtukana wala kumdhihaki, na mtafiti akimuuliza siku inayofuata kama alifanyiwa uonevu mtandaoni, atajibu kwa uaminifu kwamba hapana. Lakini kimya cha rafiki yake kimepata umbo la ushahidi, na ushahidi huo unaonekana na kila mtu. Hapa ndipo ninapoona upya wa mitandao ulipo: zamani kijana alikisia jinsi anavyoonekana, na ukisiaji huo ulimwachia nafasi ya kujipa moyo.

Kwamba namba hizo zina uzito imeoneshwa hata maabara. Mwaka 2016 Lauren Sherman na wenzake waliwaonesha vijana picha huku ubongo wao ukipigwa picha kwa mashine. Vijana walielekea kuipenda zaidi picha iliyodaiwa kuwa imepata laiki nyingi, na sehemu za ubongo zinazohusika na hisia ya kupata tuzo zilichangamka zaidi walipoona picha zao wenyewe zikiwa na laiki nyingi. Washiriki walikuwa wachache, kwa hiyo matokeo hayo yanaeleza njia ambayo athari inaweza kupita, si ukubwa wake katika jamii nzima.

Njia hiyo hiyo hupitisha na mema. Mwaka 2006 Patti Valkenburg na wenzake nchini Uholanzi walichunguza vijana waliokuwa na wasifu kwenye mtandao wa marafiki, na wakaona kwamba maoni mazuri yaliambatana na kupanda kwa kujithamini, na mabaya na kushuka kwake. Wengi wa washiriki walikuwa wakipokea zaidi maoni mazuri. Matokeo haya hayapewi nafasi ya kutosha katika mijadala ya wazazi na walimu, nami naona ni kosa. Kijana mwenye kigugumizi anayeandika kwa ufasaha, au yule ambaye kipaji chake cha kuchora hakina mtazamaji nyumbani kwao, anaweza kupata mtandaoni watu wa kwanza wanaomwona kuwa ana jambo la kutoa. Kwake, kuambiwa aweke simu chini ni kuambiwa arudi mahali asipoonekana.

Sasa turudi kwenye wastani. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walichapisha uchambuzi wa takwimu za vijana 355,358, wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya vijana. Uchambuzi huo ulifanywa kwa uangalifu wa kupigiwa mfano, kwa kuwa waandishi walijaribu njia nyingi za kuchanganua takwimu zilezile badala ya kuchagua moja inayowapendeza. Lakini wapo waliousoma wakatangaza kwamba hofu yote ni bure, na hapo wanavuka mpaka wa kile kilichopimwa. Kinachopimwa ni ustawi kwa ujumla, si kujithamini peke yake, na matumizi yamechukuliwa kama fungu moja, kana kwamba kumwandikia shangazi salamu na kuperuzi picha za miili iliyorekebishwa hadi usiku wa manane ni kitendo kimoja kwa sababu vyote hufanyika kwenye skrini.

Utafiti unaotusaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa Valkenburg na wenzake wa mwaka 2021. Walifuatilia vijana 300 kwa wiki tatu, wakiwauliza mara kadhaa kila siku wametumia mitandao kiasi gani na wanajionaje wakati huo, kisha wakamlinganisha kila kijana na nafsi yake badala ya kumlinganisha na wengine. Asilimia 88 hawakuonesha athari yoyote au walionesha ndogo mno, asilimia 4 kujithamini kwao kulipanda, na asilimia 8 kulishuka. Tuyaweke matokeo hayo katika darasa la wanafunzi 50: 44 hawaguswi, 2 wananufaika, 4 wanaumia. Ukichukua wastani wa darasa hilo utapata karibu na sifuri, na sifuri hiyo itakuwa sahihi kihesabu huku ikiwa haielezi habari za wale wanafunzi 6.

Sipendi, hata hivyo, kuufanya utafiti huo neno la mwisho. Wiki tatu ni muda mfupi, na athari inayojilimbikiza kwa miaka haiwezi kuonekana humo. Isitoshe, hata kwa wale asilimia 8, mshuko uliopimwa haukuwa mkubwa, kwa hiyo si haki kuwaita wote waliojeruhiwa. Thamani yake ni kwamba unabadilisha swali: badala ya kuuliza kama mitandao inadhuru, tunalazimika kuuliza inamdhuru nani, akiwa katika hali gani.

Umri ni sehemu ya jibu. Uchambuzi mwingine wa Orben na wenzake, wa mwaka 2022 na uliotumia takwimu za Uingereza, ulionesha kwamba ongezeko la matumizi lilitabiri kushuka kwa kuridhika na maisha mwaka uliofuata hasa kwa wasichana wa miaka 11 hadi 13 na wavulana wa miaka 14 na 15, kisha tena kwa wote wanapofika miaka 19. Utafiti huohuo ulionesha pia upande wa pili: vijana ambao kuridhika kwao kulishuka walielekea kutumia mitandao zaidi baadaye. Kwa hiyo anayemkuta kijana mnyonge akiwa na simu mkononi hana hakika bado kipi kilitangulia.

Njia ya kulifungua fundo hilo ni jaribio. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2023 uliwapunguzia baadhi ya vijana wa miaka 17 hadi 25 matumizi ya mitandao hadi dakika 60 kwa siku kwa wiki tatu, nao wakaanza kuuona mwonekano na uzito wa miili yao kwa jicho jema kuliko wenzao ambao hawakupunguziwa. Huu ni ushahidi wa usababishi, lakini una mipaka yake: washiriki walichaguliwa kwa kuwa tayari walikuwa na dalili za msongo, na kila aliyepunguziwa alijua kuwa amepunguziwa.

Hoja ya mwili inajitokeza pia katika nyaraka za ndani za Facebook zilizofichuliwa mwaka 2021 na aliyekuwa mfanyakazi wake, Frances Haugen. Slaidi moja ilieleza kwamba miongoni mwa wasichana waliokuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwafanya wajisikie vibaya zaidi. Wengi waliinukuu namba hiyo kana kwamba inahusu wasichana wote, na hilo si sahihi. Kampuni nayo ilijitetea kwamba katika mambo 11 kati ya 12 yaliyoulizwa, wasichana wenye matatizo walisema mtandao uliwasaidia zaidi kuliko kuwaumiza. Utetezi huo haunishawishi, kwa sababu jambo la 12, lililobaki nje, lilikuwa ni mwili, na mtandao wenyewe ni wa picha.

Sera zimeanza kufuata. Australia ilipitisha mwishoni mwa mwaka 2024 sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa, nayo ikaanza kutekelezwa Desemba 10, 2025, wajibu ukiwekwa kwa kampuni badala ya mzazi au mtoto. Kuweka wajibu hapo ni jambo ninaloliunga mkono bila kusita. Kasoro ninayoiona ni kwamba sheria inalinda mlango lakini haigusi mpangilio wa chumba. Orodha ya waliotazama, hesabu ya laiki na mfumo unaomletea picha zaidi za miili kila anayesita kwenye picha moja ya namna hiyo vitakuwa palepale siku msichana wetu atakapotimiza miaka 16, huku yule mchoraji asiye na mtazamaji nyumbani akiwa ameisubiri siku hiyo kwa miaka miwili.