Safari ya Jinja Jumamosi tarehe 11 Julai: kwa ambao hatujawasikia bado

Habari zenu ndugu zangu wa grupu, na wazee wetu shikamooni. Ujumbe huu ni wa wale ambao hawajajibu ule mwaliko wa kwenda Jinja kusherehekea Siku ya Kiswahili, na kama uko kazini au bando linakaribia kuisha basi soma hizi namba tatu tu inatosha. Nijibu na mojawapo hapa hapa au inboksi kwangu, kabla ya Alhamisi tarehe 2 Julai saa 12 jioni:

1 – nakuja
2 – safari hii siji
3 – natamani kuja ila bado sijajua

Ukishaandika namba umemaliza, sitauliza sababu. Na 2 ni jibu zuri sawasawa na 1, naisema kwa dhati, kwa sababu mtu akiniambia haji najua kiti chake tusikilipie na sahani yake isipikwe.

Wenye dakika mbili zaidi karibuni tuendelee.

Mpaka leo Jumatatu asubuhi kwenye daftari nina watu wazima 17 na watoto 4. Tukifika kama 26 hivi tunakodi koosta nzima tunakaa pamoja, tunaimba njia nzima, watoto wanapata dirisha. Tukibaki hivi tulivyo itabidi teksi moja na gari la mwenzetu mmoja, inawezekana tu ila tutagawanyika. Mwenye koosta anataka amana Ijumaa tarehe 3, ndiyo maana nimeweka Alhamisi, ile siku sikuichagua mimi. Halafu kuna mama yetu wa Walukuba ambaye ndiye anatupikia, pilau, kuku, matoke na mchuzi wa karanga, na ngege kwa wasiokula nyama, huyu anapika kwa hesabu ya vichwa na pesa ya sokoni tunamtumia kabla, kwa hiyo kila namba ninayopata naipeleka kwake moja kwa moja.

Aliyeandika 3: kiti chako nakishika mpaka Jumapili tarehe 5 jioni. Siku hiyo nitakuandikia inboksi mara moja tu, ukiwa bado hujajua nitampa mwingine na hakuna ubaya wowote, ukija kupata nafasi dakika za mwisho niulize tu, mara nyingi mmoja au wawili wanapata dharura na kiti kinapatikana.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu mmeniambia pembeni. Kuna watu humu wanasoma kila kitu lakini hawaandiki kwa sababu wanaona Kiswahili chao si kile cha vitabuni. Ndugu yangu, grupu hili lina Kiswahili cha kambi za jeshi, cha Arua na Koboko, cha wafanyabiashara wa Kikuubo, cha waliotoka Goma na Bunia, cha waliosomea Nairobi, na hicho chote ndicho tunachokwenda kukisherehekea. Siku ya Kiswahili Duniani ni tarehe 7 Julai, mwaka huu ni Jumanne watu wako kazini, ndiyo tukaisogeza Jumamosi. Hapa kwetu serikali ilikubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, mashuleni kinaanza kuingia, na watakaokizoesha watoto ni sisi tunaokiongea sokoni na nyumbani. Kwa hiyo usingoje sentensi iliyonyooka. Andika namba, au nitumie vois, au changanya na Luganda au Lugbara, nitaelewa. Na kule Jinja hakuna atakayesimamishwa mbele atoe hotuba, anayependa kukaa kimya asikilize hadithi za wazee anakaribishwa akae hivyo hivyo.

Pesa. Mchango ni shilingi 60,000 kwa mtu mzima na 30,000 kwa mtoto, ndani yake kuna usafiri, chakula, maji na mashua. Nusu mnatuma kwa mobail mani kwa mweka hazina kabla ya tarehe 8, nusu mtalipa siku yenyewe. Najua ada za muhula na kodi ya nyumba haziulizi mtu ana safari au hana. Kama kinachokuzuia ni hicho basi ongeza herufi P baada ya namba yako, uniandikie inboksi, mfano 1P. Kuna kiasi kidogo tulitenga kwenye akiba ya grupu kwa ajili ya hilo, na anayejua ni mimi na mweka hazina peke yetu, kwenye daftari la safari jina lako litaandikwa kama la wengine wote.

Wenzetu wanaoshika Sabato, najua Jumamosi ni ngumu kwenu, andikeni 2 bila wasiwasi na nimeshaweka kwenye ajenda kwamba mkutano ujao uwe Jumapili. Waislamu, adhuhuri tutakuwa mjini Jinja na tumepanga kusimama msikitini kabla ya kula.

Mwendo wenyewe ni huu. Koosta inatoka Wandegeya karibu na soko saa 1 kamili asubuhi, kwa sababu baada ya hapo barabara ya Jinja inafunga pale Namanve na Mukono tutaifika jua kali. Inachukua watu Kireka, Seeta na Mukono mjini, kisha Lugazi, msitu wa Mabira, mpaka Njeru tunavuka lile daraja jipya lililofunguliwa 2018. Tunaanza na mto, pale Nile inapotoka ziwani, ambapo Speke alifika 1862 ingawa wenyeji walikuwa wanakunywa maji yake zamani sana kabla yake, na mzee wetu mmoja aliyekulia Jinja ameahidi kuwaeleza watoto jinsi hayo maji yanavyosafiri maelfu ya kilomita mpaka bahari ya Mediterania. Nampenda sana akisimulia, ukiwa na mtoto mlete kwa ajili ya hilo tu. Kurudi tunaanza saa 10, tunasimama Namawojjolo dakika chache kwa wanaotaka kuku wa kuchoma na gonja, hiyo kila mtu na mfuko wake.

Wenye namba 1 naomba mwongeze vitu viwili, mnapandia wapi na watoto wangapi wa umri gani, maana mashuani lazima kila mmoja avae jaketi ya kuelea na za watoto wadogo tunaziomba mapema. Mfano: "1, Seeta, mtoto mmoja miaka 6". Walioko Jinja tayari andikeni "1, Jinja", mchango wenu ni 35,000 kwa sababu hampandi gari.

Sitaita majina ya ambao hawajajibu hapa kwenye grupu. Kila mtu ana siku zake, wengine wanauguza, wengine wako zamu ya usiku. Nitakumbusha mara moja tena Jumatano jioni kwa mistari miwili, basi. Na kama umeingia grupu juzi juzi na hujui mtu yeyote, niambie unapandia wapi nikuunganishe na mwenzako wa kituo hicho hicho mje pamoja.

Jioni baada ya saa 2 huwa niko hewani, ukiandika usiku wa manane nitaona asubuhi na nitakuandika kwenye daftari kwanza kabla sijakujibu.

Katibu wenu wa safari